Taili Zikipungua, Hupungua Mlangoni

Wanangu mnaoanza kazi ya sakafu, nanyi mlioachiwa nyumba na wazee wenu hapa Mji wa Kale na sasa mwataka kutia taili kabla ya harusi kuingia, nisikilizeni kwa jambo moja. Kuna hesabu ambayo kila mtu anaijua. Unapima urefu wa chumba, unapima upana, unazidisha, unaongeza asilimia 10 ya kuvunjika na kukata, kisha unakwenda dukani. Kwa ukumbi mpana wa nyumba mpya kule Nyali hesabu hiyo mara nyingi itakufikisha salama. Kwa chumba cha nyumba ya kale huku Kibokoni au Ndia Kuu inaweza kukutia aibu, na mimi ilinitia, nikiwa nimeshika kazi hii zaidi ya miaka 20.

Chumba chenyewe kilikuwa cha chini, katika nyumba ya mama mmoja mjane aliyekuwa akimwoza binti yake. Kirefu na chembamba, kama vilivyo vyumba vingi vya mji huu. Mnajua sababu. Dari za nyumba za kale zimelazwa juu ya boriti za mkoko, na boriti ina urefu wake. Mjenzi hakuweza kutanua chumba kuliko mti uliomfikia. Ndiyo maana vyumba hivi mara nyingi havifiki mita 3 kwa upana, hata nyumba ikiwa ya tajiri. Kuta nazo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimejengwa kwa jicho na kamba, kisha zikapigwa lipu tabaka juu ya tabaka na vizazi vya mafundi. Ukuta wa namna hiyo hauendi sawa kama rula. Unavimba hapa, unabonyea pale.

Nilipima mara moja tu, ukutani mwa ndani: upana mita 2.50, urefu mita 6.20. Nikazidisha nikapata mita za mraba 15.5. Nikaongeza asilimia 10, ikawa 17 na kidogo. Mama alikuwa amechagua taili za sentimita 60 kwa 60, rangi ya maziwa, katoni moja ina taili 4, yaani mita za mraba 1.44. Nikagawanya, ikaja karibu katoni 12, taili 48. Nikamwambia mama, "Katoni 12 zatosha, na zitabaki." Akalipa.

Nikaanza kulaza kutoka ukuta wa ndani nikija mlangoni, maana ndivyo inavyofanywa, fundi hawezi kujifungia ndani ya sakafu mbichi. Taili 3 zilivunjika katika kukata. Nilipomaliza safu ya 9, mbali na ukanda wa mabaki ukutani mwa ndani, nikageuka kuchukua taili, nikakuta hakuna. Mbele yangu kulikuwa na ukanda mtupu wa sentimita 60, ukuta kwa ukuta, pamoja na kizingiti chote cha mlango. Zilikuwa zimepungua taili 7. Na tazameni zilipopungua: si chini ya kitanda, si nyuma ya kabati. Kwa kuwa kazi huishia mlangoni, upungufu nao huangukia mlangoni, pale kila mgeni anapovua viatu na kutazama chini.

Nikakimbia dukani kununua katoni 2. Jina la taili lilikuwa lile lile, namba ile ile, picha ya katoni ile ile. Nikazilaza jioni kwa taa. Asubuhi mama alipofungua mlango na mwanga wa kichochoroni ukaingia ukilala juu ya sakafu, safu ya mlangoni ilionekana njano kidogo, kama karatasi iliyokaa juani, na zile nyingine zote nyeupe za maziwa. Hakunikemea. Alitandika mkeka pale, na mkeka ule ulikaa hapo harusi nzima.

Sasa nataka muone kosa lilikuwa wapi, kwa sababu halikuwa katika kuzidisha. Hesabu ya eneo ilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba taili si maji wala si rangi ya kupaka. Rangi ukiwa na lita moja iliyobaki utaipaka popote ilipopungua. Taili ni kipande kigumu chenye kingo nne, na kipande kilichobaki baada ya kukata hakiungani na mwenzake kikawa taili nzima. Eneo linakwambia sakafu ni kubwa kiasi gani. Halikwambii utatumia taili ngapi nzima kuijaza. Hilo linajulikana kwa kuhesabu safu.

Tukihesabu safu katika chumba kile kile, mambo yanakuwa hivi. Taili ya sentimita 60 pamoja na mwanya wake wa grauti wa milimita 3 inachukua sentimita 60.3. Zikipangwa 4 kuvuka chumba zinachukua sentimita 241.2. Chumba kina 250 pale kilipo kipana zaidi, kwa hiyo unabaki ukanda wa karibu sentimita 9. Fundi mwenye haraka atasema vizuri sana, taili 4 nzima na kijiukanda pembeni, na taili moja itatoa vijiukanda 6. Kwa karatasi amefanya uchumi. Lakini rudini ukutani na tepu. Nilipokuja kupima upya, nikiwa nimeshaona aibu yangu, chumba kile kilikuwa na upana wa mita 2.50 ndani, 2.47 katikati, na 2.43 karibu na mlango. Basi ule ukanda wa sentimita 9 ungekuja ukipungua, ukipungua, hata ufikapo mlangoni uwe chini ya sentimita 2. Taili hukatika kwa shida ikiwa nyembamba namna hiyo, hupasuka upande, na hata ikikubali, jicho litaona kabari ndefu inayotangaza kwamba ukuta umepinda.

Kwa hiyo kuna njia moja ya heshima, nayo ndiyo niliyoifuata bila ya kuihesabia: unapiga kamba katikati ya chumba, unalaza taili 3 nzima, na pembeni kila upande unatia taili iliyokatwa. Tatu na mianya yake ni sentimita 181 hivi. Zilizobaki ni 69, ukigawa kwa mbili ni kama 34 na nusu kila upande kule ndani, na kama 31 kule mlangoni. Ukuta uliopinda sasa umefichwa, kwa sababu sentimita chache hazionekani katika kipande kipana, na zimegawanywa pande mbili.

Lakini angalieni hizo 34 na nusu. Nusu ya taili ni 30. Kipande kinachohitajika ni zaidi ya nusu, kwa hiyo taili moja haiwezi kutoa vipande viwili vya pembeni. Inatoa kimoja tu, na kile kinachobaki hakifiki sentimita 30. Kila safu basi inakula taili 5 nzima: tatu za katikati na mbili za kukatwa. Kwa eneo, upana wa 250 ulikuwa ni taili 4 na sehemu ndogo. Kwa safu ni 5. Tofauti hiyo ni kama asilimia 20, na mimi nilikuwa nimeongeza 10. Hapo ndipo taili zangu zilipokwenda.

Ningetaka muijue hii kama mnavyojua njia ya kwenu. Kabla hujataja idadi yoyote kwa mwenye nyumba, tafuta kipande cha pembeni kitakuwa na sentimita ngapi, kisha jiulize: ni chini ya nusu ya taili au ni zaidi? Kikiwa chini ya nusu, taili moja yaweza kutoa viwili, na asilimia 10 yako huenda ikatosha. Kikizidi nusu, hata kwa sentimita moja, kila kipande ni taili nzima. Katika chumba kipana jambo hili halina uzito, kwa sababu vipande vya pembeni ni vichache ukilinganisha na taili nzima zilizo katikati. Katika chumba cha upana wa mita 2 na nusu, taili 2 kati ya kila 5 ni za kukatwa. Chumba chembamba ni pembeni tupu.

Na hapa ndipo pa kumshauri mwenye nyumba kabla hajapenda taili dukani. Chumba kile kile kwa taili za sentimita 40 kingekula 7 kwa safu, ambapo eneo linataka 6 na robo. Unapoteza kama asilimia 12. Kwa za 30 ni 9 kwa safu, eneo likitaka 8 na theluthi, unapoteza asilimia 8. Kadiri taili inavyokuwa ndogo ndivyo inavyoenea katika chumba chembamba bila kupoteza. Watu wa leo wanapenda taili kubwa, na siwalaumu, zina mianya michache na hufagilika vizuri. Lakini mwenye nyumba aambiwe bei ya ukubwa huo kabla ya kulipa, si baada. Akitaka zilazwe mshazari, kona zikielekea ukutani, mwambieni mapema kwamba pembeni zote zitakuwa pembetatu, na mabaki yake yatakuwa mengi zaidi.

Kupima kwenyewe kusiwe kwa haraka. Upana upimwe mara tatu, mlangoni, katikati na ndani. Urefu upimwe kando ya kila ukuta. Kwa kuhesabu taili mtumie kipimo kikubwa. Kwa kujua kipande chembamba kabisa kitakuwaje mtumie kidogo. Kisha mvute tepu kutoka kona hadi kona ya mkabala, na nyingine vivyo hivyo. Chumba kilichonyooka vipimo hivyo viwili vitalingana. Kile cha mama kilipishana kwa sentimita 7, nikajua si ukuta tu uliovimba bali chumba kizima kimelala upande. Na mpime kwa mita mwanzo hadi mwisho. Tepu zetu zina futi upande mmoja, na nimeona kijana akiandika futi 8 na inchi 11 kama 8.11, kisha akaiingiza hivyo kwenye simu. Futi 8 na inchi 11 ni karibu 8.92, kwa sababu futi ina inchi 12.

Kizingiti nacho wengi hukisahau. Katika nyumba za kizungu za block, mlango umekaa katika ukuta mwembamba na hakuna cha kuhesabu. Ukuta wa matumbawe una unene wake. Pale kwa mama ulikuwa nusu mita, na mlango wa sentimita 90. Sakafu ya kizingiti pekee ilikula taili 2, moja ikikatwa urefu tu na nyingine ikikatwa pande mbili. Vidaka vya ukutani havina neno, kwa kuwa haviteremki hadi sakafuni.

Basi tuhesabu upya kama nilivyopaswa kuhesabu siku ile. Urefu wa mita 6.20 unaingia safu 10 nzima, na unabaki ukanda wa sentimita 17. Safu 10 mara taili 5 ni 50. Ule ukanda wa sentimita 17 tunauweka ukuta wa ndani, mbali na macho, na hatununulii taili mpya, maana tuna mabaki 20 ya pembeni, kila moja likiwa na urefu wa sentimita 60 na upana wa 25 au zaidi. Matano yanatosha. Kizingiti 2, jumla 52. Za kuvunjika natia 3. Kwa mkono uliozoea na mashine nzuri, moja katika 20 ni kadirio la haki. Zimefika 55. Za kuweka akiba 4, kwa siku ambayo bomba litapasuka chini ya sakafu na fundi wa maji atakuja na nyundo. Ni 59. Katoni zina 4, kwa hiyo ni katoni 15, taili 60. Mimi nilinunua 12.

Najua mtu akitazama mita za mraba ataona nimenunua zaidi ya theluthi juu ya sakafu yenyewe na ataniuliza kama natafuta faida. Ni haki yake kuuliza, na mumwonyeshe kwa mchoro. Chukueni karatasi ya miraba ya daftari la hesabu, mchore chumba, mchore kila taili, na kila iliyokatwa mwitie alama. Mwenye nyumba akiona miraba 5 katika kila safu kwa macho yake, hana tena cha kubishana. Na mwonyesheni kwamba yale mabaki hayaendi jaani. Yamebaki 15 baada ya kujaza ukuta wa ndani. Mzunguko wa chumba, ukitoa mlango, ni mita 16 na nusu, na skatingi ya sentimita 10 kwenda juu inahitaji vipande 28 vya urefu wa sentimita 60. Kila baki linatoa vipande viwili, kwa hiyo mabaki 15 ni vipande 30. Yanatosha, na vinabaki viwili tu, kwa hiyo mkono usiteleze. Kimoja katika kila jozi kitakuwa na ukingo wa kiwandani, laini, huo uelekee juu. Mwenzake atakuwa amekatwa pande zote mbili. Kisugueni kwa jiwe hadi kidole kipite bila kukwaruzwa, kisha kiwekeni nyuma ya kitanda na kabati. Siku ile mimi niliyatupa mabaki yale, kisha mama akanunua skatingi kwa pesa nyingine. Hilo bado linaniuma kuliko ile safu ya njano.

Mkinunua, nunueni zote siku moja, na msome katoni kabla ya mkokoteni kuondoka. Mbali na jina na ukubwa, pembeni mwa katoni hupigwa chapa ya toni ya rangi na ya kundi lililochomwa pamoja, na mara nyingine ya kipimo halisi, kwa sababu tanuri halitoi kitu kile kile kila siku. Herufi na namba hizo zilingane katika katoni zote 15. Ikipatikana moja yenye chapa nyingine, irudisheni hapo hapo, na kama duka halina nyingine, chagueni taili nyingine kabisa. Mwanga wa dukani hauonyeshi tofauti ndogo. Toeni taili mbili za katoni mbili mziweke nje juani, ubavu kwa ubavu. Na kabla ya kulipa, ulizeni kama katoni ambayo haijafunguliwa yaweza kurudishwa. Maduka mengine hukubali, mengine hukataa, na jibu likiandikwa kwenye risiti ndilo jibu.

Lori haliingii vichochoroni mwetu, kwa hiyo taili zitakuja kwa mkokoteni juu ya mawe na mashimo. Katoni moja ya taili hizi kubwa ni karibu kilo 30. Zisimamishwe wima, zisilazwe chini kwa chini. Zikifika, gonga kila taili kwa kifundo cha kidole ukiwa umeishika kwa kona moja. Nzima hulia kama bakuli. Yenye ufa usioonekana hutoa sauti ya kigae cha chungu kilichopasuka, butu. Hiyo iwekeni kando, itafaa kwa kipande kidogo cha kizingiti, lakini isilazwe nzima.

Uzito huo huo uwafanye msite mnapoitwa ghorofani. Katoni 15 ni kilo 450 kabla hujamwaga mchanga wala saruji, na chini yake kuna boriti ambazo hakuna aliye hai anayekumbuka ziliwekwa lini. Hapo hesabu si ya idadi tena. Mji wa Kale ni eneo lililohifadhiwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na watu wao wa uhifadhi wamezitazama dari hizi kuliko sisi. Nendeni mkawaulize kabla ya kupandisha hata katoni moja.

Kwa yule mama nilirudi baadaye, nikang'oa ile safu ya mlangoni na kizingiti kwa gharama yangu, nikatia taili ndogo za rangi nyingine kabisa, ya kahawia, zikawa kama ukingo wa mkeka. Hakuna tena anayedhani ni kosa. Zilizosalia, 5, zimeegemezwa chini ya ngazi zake, na ubavu wa katoni wenye chapa nimeukata nikaufunga nazo kwa kamba.